Sura ya Nne: Nafasi Iliyo Wazi Kwenye Kadi

Watoto wa Tanzania waliozaliwa kati ya mwisho wa Aprili 2016 na miezi ya mwanzo ya 2018 walikosa kinga moja bila kosa la mama yeyote. Wapo waliozaliwa Nyakahanga, Nyakaiga na Isingiro mkoani Kagera, wakapelekwa kliniki kila tarehe iliyoandikwa, wakapewa matone yao yote ya polio, na kadi zao zikajaa. Hata hivyo, kirusi cha polio cha aina ya pili kama kingewafikia, kingewakuta mikono mitupu.

Polio ina virusi vya aina tatu, na kinga ya aina moja haimlindi mtoto dhidi ya nyingine. Matone ya zamani yalikuwa na aina zote tatu, zikiwa hai lakini zimedhoofishwa. Aina ya pili ya asili ilionekana mara ya mwisho duniani mwaka 1999, na mwaka 2015 ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Hapo likabaki tatizo lililotokana na matone yenyewe. Mtoto aliyepewa matone hutoa kile kirusi dhaifu kwenye choo kwa wiki kadhaa. Akiishi kati ya watoto waliochanjwa, kirusi hufia hapo. Akiishi mahali ambapo wengi hawajachanjwa, kirusi huhama kutoka tumbo hadi tumbo, kikibadilika kidogo kila kinapohama, na baada ya mwaka au zaidi kinaweza kuirudisha nguvu yake ya kupoozesha. Ndiyo maana Aprili 2016 nchi zote zilizotumia matone ziliiondoa aina ya pili kwa pamoja. Badala yake mtoto wa wiki 14 alitakiwa kuchomwa sindano ya polio, iitwayo IPV, yenye virusi vilivyouawa vya aina zote tatu. Lakini viwanda havikuweza kutengeneza sindano za kutosha dunia nzima, na Tanzania ikasubiri hadi 2018.

Oktoba 2019 serikali iliwarudia watoto hao. Kampeni ya kitaifa ilitoa chanjo ya surua na rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi 59, na papo hapo sindano ya polio kwa watoto wa miezi 18 hadi 42 tu. Hesabu umri huo kurudi nyuma: miezi 42 kabla ya Oktoba 2019 ni Aprili 2016, na miezi 18 kabla yake ni Aprili 2018. Kundi lililorukwa lilitafutwa kwa tarehe zake za kuzaliwa na kupewa kile kilichokosekana. Matone waliyokwisha kupata hayakurudiwa, wala hakuna aliyeanzishwa upya.

Hivyo ndivyo dozi iliyokosekana inavyoshughulikiwa, iwe ya kizazi kizima au ya mtoto mmoja wa Nkwenda. Ukubwa wa hatari ya pengo lile la polio ulionekana baadaye. Mei 2023 ilithibitishwa kwamba mtoto mkoani Rukwa alikuwa amepooza kwa kirusi cha aina ya pili kilichotokana na chanjo, wakati Tanzania haikuwa imeona polio ya asili tangu 1996. Septemba mwaka huo mikoa sita, Kagera ikiwemo, ilipita nyumba kwa nyumba ikiwapa matone watoto wote wa chini ya miaka minane. Wazazi wengi waliuliza kwa nini mtoto wa darasa la kwanza apewe matone ya watoto wachanga. Jibu liko kwenye tarehe: mtoto wa chini ya miaka minane mwaka 2023 alizaliwa karibu na Aprili 2016 au baada yake. Hata waliochomwa IPV waliyahitaji matone hayo, kwa sababu sindano huilinda mishipa ya fahamu isiharibiwe, lakini haizuii sana kirusi kuishi tumboni na kusafiri kwenda kwa jirani. Matone hulifunga tumbo. Na matone ya mwaka 2023 yalikuwa ya aina mpya, iliyotengenezwa ili kirusi chake kisigeuke kwa urahisi.

Sasa tuichukue kadi ya mtoto mmoja wa mfano, tuisome mpaka mwisho. Huyu alizaliwa tarehe 4 Februari katika kituo cha afya wilayani Karagwe. Kabla hajatoka alichomwa BCG kwenye bega la kulia na kudondoshewa matone ya kwanza ya polio, yale yanayoandikwa sifuri. BCG ni kinga ya kifua kikuu, na nguvu yake kubwa ni dhidi ya kile kifua kikuu kibaya cha watoto wadogo, kinachopanda kwenye utando wa ubongo au kusambaa mwili mzima. Haimzuii mtu mzima kuambukizwa, na ndiyo sababu ina haraka kwa mtoto mchanga. Wiki mbili hadi nne baadaye hutokea kipele begani, kikageuka kidonda kidogo chenye majimaji, kisha kovu. Kidonda hicho hakikamuliwi, hakipakwi dawa ya kienyeji wala mafuta, na hakifungwi bandeji. Mtoto asipobaki na kovu wakati kadi inaonyesha alichomwa, harudiwi.

Tarehe 18 Machi, alipotimiza wiki sita, mtoto wetu alirudishwa kliniki. Hiyo ndiyo siku nzito ya kwanza. Alipata Penta kwenye paja la kushoto. Jina hilo linatokana na tano, kwa kuwa sindano moja imebeba kinga tano: dondakoo, ambayo huota utando kooni na kumziba mtoto pumzi, kifaduro, kile kikohozi cha mfululizo kinachomfanya mtoto mchanga aishiwe pumzi hadi abadilike rangi, pepopunda, homa ya ini aina ya B, ambayo mtoto akiipata mapema hukaa nayo maisha yake yote na kuishia na ini lililoharibika, na bakteria aitwaye Hib, anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Tanzania ilianza kutumia sindano hii mwaka 2009. Paja la kulia lilichomwa PCV, kinga ya pneumokoko, bakteria mwingine wa nimonia na uti wa mgongo. Mdomoni aliwekewa matone ya polio ya kwanza, na dawa ya maji ya Rota, inayozuia kuhara kukali kwa kirusi cha rota, kule kunakomkausha mtoto maji ndani ya siku moja au mbili.

Nimeandika pepopunda bila maelezo, na inastahili sentensi zake. Vimelea vyake vinaishi kwenye udongo na samadi, na katika wilaya ambako kila nyumba ina migomba, na migomba inalishwa samadi, mtoto anayetambaa yuko navyo kila siku. Ugonjwa huu hauambukizwi na mtu, kwa hiyo kuchanjwa kwa watoto wa jirani hakumsaidii wako hata kidogo. Hapa kila mtoto anasimama na dozi zake mwenyewe.

Baada ya tarehe hiyo kadi inanyamaza. Mama alivuka daraja la Murongo kwenda kumuuguza mzazi wake upande wa Uganda, akakaa huko mpaka kahawa ikavunwa na kuanikwa. Wiki ya kumi ikapita, ya kumi na nne ikapita. Anarudi Tanzania, safari hii kijijini kwa mumewe wilayani Kyerwa, na tarehe 20 Novemba anaingia zahanati akiwa na hofu ya kugombezwa. Mtoto ana miezi tisa na siku 16.

Muuguzi aliyefunzwa vizuri hamwambii kwamba wameanza upya. Dozi ya Penta aliyopata Machi bado inahesabika, kwa sababu mwili ulikwisha kuzalisha seli za kumbukumbu, na seli hizo hazina tarehe ya mwisho ya kusubiri dozi ya pili. Kuanza upya ni kubomoa msingi mzuri eti kwa kuwa fundi alichelewa kurudi. Alichopoteza mtoto ni muda: miezi minane aliishi na kinga nusu, katika umri ambao kifaduro na nimonia huua zaidi. Muda huo haurudi, lakini kinga inajengwa kuanzia ilipofikia.

Kwa hiyo siku hiyohiyo ya Novemba anapata Penta ya pili paja la kushoto, PCV ya pili paja la kulia, na kwenye paja hilohilo la kulia, sentimita mbili na nusu kutoka ilipopita PCV, IPV aliyoikosa wiki ya 14. Anapata matone ya polio ya pili. Na kwa kuwa ametimiza miezi tisa, anachomwa pia ya surua na rubela kwenye mkono wa kushoto. Mama atashtuka kuona sindano nne. Wahudumu wengine huona huruma na kusema, “Mama, leo tumchome mbili, nyingine uje wiki ijayo.” Huruma hiyo inamgharimu mtoto. Chanjo hizi zinaweza kutolewa siku moja bila kupunguzana nguvu, na mwili wa mtoto wa miezi tisa unapambana na vimelea vingi zaidi ya hivyo kila anapoweka kidole mdomoni. Mama aliyetembea saa mbili akiwa na mtoto mgongoni anaweza asirudi wiki ijayo.

Rota inahitaji uangalifu. Zamani sheria ilikuwa kali: dozi ya kwanza kabla ya wiki 15 na ya mwisho kabla ya wiki 32, kwa hofu ya tatizo la nadra ambapo kipande cha utumbo hujiingiza ndani ya kingine na kuuziba. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipima upya na kuona kwamba mipaka hiyo ilikuwa inawanyima kinga watoto wengi wanaochelewa, na ugonjwa uliwaua wengi kuliko lile tatizo. Sasa linaruhusu hadi miezi 24. Mtoto wetu wa miezi tisa hajapitwa, naye anapewa ya pili siku hiyohiyo ya Novemba. Mwenye miaka miwili haipewi tena, na si hasara kubwa, kwa maana kirusi cha rota hatari yake ni kwa wadogo.

Tarehe ya kurudi inaandikwa kwenye kadi kwa kalamu: 18 Desemba, siku 28 baadaye. Hapo atapata Penta ya tatu, PCV ya tatu na matone ya tatu. Kwa nini siku 28 na si 10, ili tumalize haraka? Kwa sababu mwili unahitaji kama wiki nne kukamilisha kazi ya dozi moja kabla ya kunufaika na inayofuata. Dozi iliyotolewa mapema haihesabiki, itarudiwa. Kuchelewa hakuiharibu dozi, kuwahi ndiko kunakoiharibu. Nawaomba wazazi wanaotaka kufidia muda waishike tofauti hii. Kama kadi ina nafasi ya IPV ya pili, yake itakuwa angalau miezi minne baada ya ile ya kwanza, yaani kuanzia 20 Machi.

Kisha inabaki surua ya pili, tarehe 4 Agosti, mtoto akiwa na miezi 18. Kadi nyingi zinaishia kabla ya hapa, kwa kuwa mtoto anatembea, anakula ndizi na maharage, hapimwi tena uzito kila mwezi, na mama anaona kliniki imekwisha. Haijaisha. Mtoto huzaliwa na kinga ya surua aliyopewa na mama tumboni, na kinga hiyo, inapokuwa bado ipo, huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana tunasubiri miezi tisa. Lakini hata miezi tisa ni mapema kwa baadhi yao: kati ya watoto 100 wanaochomwa umri huo, kama 15 hawapati kinga, na hakuna dalili ya kuwatambua. Dozi ya pili si ya kuongezea nguvu kama wengi wanavyodhani. Ni ya kuwakamata hao 15. Na surua ni ugonjwa unaoenea kuliko karibu kila ugonjwa mwingine tunaoujua. Kirusi chake hubaki hewani ndani ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Ukumbi wa kanisa au chumba cha kusubiria hospitalini kinatosha. Rubela, mwenzake ndani ya sindano hiyo, humsumbua mtoto kidogo tu. Madhara yake makubwa ni kwa mimba ya mama aliyeambukizwa naye, ambako mtoto anaweza kuzaliwa na moyo mbovu, kiziwi au kipofu.

Tuseme huyu mtoto angeletwa kwa surua ya kwanza akiwa na miezi 20. Angechomwa siku hiyo, na ya pili wiki nne baadaye. Na kama aliwahi kuchomwa surua akiwa na miezi sita kwa sababu mlipuko ulikuwa karibu, dozi hiyo ilikuwa ya dharura. Ya miezi tisa na ya miezi 18 bado anadaiwa zote mbili.

Inawezekana mama aliporudi kutoka Uganda alikuwa na kadi ya huko. Aitoe, asiifiche. Uganda na Rwanda nazo hutoa Penta, PCV na polio katika wiki ya sita, ya kumi na ya 14, na dozi iliyoandikwa kwa tarehe huko ni dozi hapa. Rwanda hutoa surua ya pili kwenye miezi 15; mtoto aliyeipata hana haja ya nyingine ya miezi 18. Muuguzi anakili tarehe hizo kwenye kadi ya Tanzania na kwenye daftari la kituo, na mama anatunza kadi zote mbili.

Yapo mambo mawili yanayowarudisha kina mama nyumbani bila chanjo, na yote mawili hayapaswi. La kwanza ni homa. Mtoto ana mafua, au amepimwa malaria na kukutwa nayo, basi anaambiwa akapone kwanza. Mafua, kikohozi, kuhara kidogo na homa isiyo kali havizuii chanjo yoyote iliyo kwenye kadi hii; atibiwe malaria na achanjwe siku hiyo. Wa kusubiri ni mtoto mgonjwa sana, anayehitaji kulazwa. Wa kuzuiwa ni aliyewahi kuvimba uso na kubanwa pumzi muda mfupi baada ya dozi ya chanjo ileile. Mtoto mwenye dalili za UKIMWI hapewi BCG. Nje ya hapo sababu ni chache sana, na daktari ndiye wa kuziamua.

La pili ni chupa. BCG na surua-rubela huja zikiwa unga, na zikishachanganywa na maji yake zinadumu saa sita tu, kisha kilichobaki kinamwagwa. Chupa ya BCG ina dozi 20, ya surua-rubela kwa kawaida 10. Zahanati ya kijijini yenye mtoto mmoja siku ya Jumanne inaona uchungu kumwaga dozi tisa, na mama anaambiwa aje siku watakapokuwa wengi. Naelewa uchungu huo, kwa sababu chanjo imesafiri kwenye kasha la barafu kwenye barabara ya vumbi ikilindwa kati ya nyuzi mbili na nane. Lakini mtoto mmoja asiyerudi ni hasara kubwa kuliko dozi tisa, na mwongozo unataka chupa ifunguliwe. Mzazi anayeambiwa arudi anaweza kuuliza kwa upole: “Dada, naomba uniandikie siku gani mtafungua, nami nitakuja na majirani wawili.” Au aulize tarehe ya huduma ya mkoba kijijini kwake, wahudumu wanapokuja na kasha lao chini ya mti au kwenye shule. Penta na IPV hazina shida hii, kwani chupa iliyofunguliwa, ikitunzwa vizuri kwenye jokofu, hutumika hadi siku 28.

Usiku wa siku ya sindano nne mtoto wetu atakuwa na joto, atalia, na paja linaweza kuvimba. Anyonye zaidi, afunguliwe nguo nzito, na apewe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake atakachoandikiwa. Paja halikandwi. Homa ya Penta huisha ndani ya siku mbili. Ya surua-rubela ina tabia yake: huja siku ya saba hadi ya 12, pengine na vipele vyepesi, wakati mama ameshasahau, naye hudhani ni ugonjwa mwingine. Homa inayozidi siku tatu, degedege, au mtoto aliyelegea asiyenyonya, hayo si ya kusubiri asubuhi, na katika Karagwe na Kyerwa ni ya kuchunguzwa malaria kwanza.

Kuna binti mkubwa wa nyumba hiyohiyo, mwenye miaka 11, asiyesoma. Chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na hutolewa zaidi shuleni. Yeye apelekwe zahanati siku moja na mdogo wake.

Na kadi ikiungua na nyumba, au ikaliwa na mchwa? Kwanza kaulize kituo alichochanjwa, kwa jina la mtoto, la mama, na mwezi wa kuzaliwa. Daftari la kituo lina safu zilezile za kadi. Kumbuka kwamba Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa hiyo kumbukumbu za mtoto aliyezaliwa kabla ya hapo zinaweza kuwa zimeandikwa kwa wilaya ya zamani. Daftari lisipopatikana, kovu begani ni ushahidi wa kutosha wa BCG. Kwa mengine yote maneno ya “nadhani alipata” hayahesabiwi, na mtoto anahesabiwa hajachanjwa. Dozi ya ziada ya polio, Penta au surua haimdhuru. Itamwumiza paja jioni moja. Atafunguliwa kadi mpya, na tarehe ya leo itaandikwa kwenye safu ya kwanza.